Nina skrinshoti ya oganogramu, nataka iwe orodha ya nani yuko chini ya nani

Binti_Makambako

Kamwene wanajukwaa, shikamooni wakubwa.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya parachichi huku Njombe, upande wa utumishi. Tunahuisha taarifa zetu kwenye mfumo fulani wa mtandaoni wa mnunuzi, na kwenye kipengele cha uongozi hawataki picha. Wameweka sehemu ya maandishi tu, wanataka orodha iliyosogezwa ndani kwa ndani ionyeshe kila mtu anaripoti kwa nani. Mimi nilichonacho ni skrinshoti ya oganogramu iliyotumwa kwenye grupu la wasapu. Aliyeichora ameshaacha kazi na faili lenyewe halipo.

Picha nimeiweka hapo chini. Kwa wale wenye bando la mawazo, nawasimulia. Juu kabisa kuna Bodi ya Wakurugenzi, chini yake Meneja Mkuu. Kulia kwa Meneja Mkuu, usawa uleule, yuko Mkaguzi wa Ndani. Ameunganishwa na Meneja Mkuu kwa mstari mzima, halafu mstari wa nukta nukta unapanda kwenda kwa Bodi. Kutoka kwa Meneja Mkuu mstari unashuka, na katikati ya kushuka huko kuna kisanduku cha Katibu Muhtasi kimetokeza pembeni kushoto. Kisha unakuja mstari mrefu wa kulala unaobeba Meneja wa Mashamba, Meneja wa Pakihausi, Mhasibu Mkuu, na Afisa Utumishi na Utawala. Chini ya Mashamba kuna maafisa ugani watatu wamepangwa mmoja chini ya mwingine: Rungwe, Njombe, Mufindi. Chini ya Pakihausi kuna Msimamizi wa Mapokezi, Msimamizi wa Ufungashaji na Fundi wa Vyumba vya Baridi. Kwa Mhasibu kuna Mhasibu Msaidizi na Afisa Manunuzi. Kwa Utumishi kuna Madereva, imeandikwa x3, na Mtunza Masjala. Na kuna Afisa Ubora kakaa chini chini huko katikati ya maafisa ugani na wasimamizi wa pakihausi, sielewi ni wa nani.

Naanzia wapi? Nawasilisha.

Kijana_wa_Sae

Dada, mbona jambo dogo hilo. Fungua picha na Google Lens, chagua maandishi yote, kopi, bandika. Mimi nimeshakufanyia, nimebandika kwenye Word nikasogeza ndani kwa kufuata mistari ya picha kutoka juu kwenda chini. Kilicho juu ndio bosi, kilichofuata chini yake kinaingia ndani hatua moja. Sehemu ya juu inatoka hivi:

```
Bodi ya Wakurugenzi
    Meneja Mkuu, Mkaguzi wa Ndani
        Katibu Muhtasi
            Meneja wa Mashamba
                Afisa Ugani Rungwe
                    Afisa Ugani Njombe
                        Afisa Ugani Mufindi
```

Malizia huko kwingine kwa mtindo huohuo.

Kinyozi_Mafinga

Hahaha. Katibu Muhtasi kawa bosi wa Meneja wa Mashamba. Ingawa ofisi nyingi nilizopita ndivyo ilivyo kiukweli, kwenye karatasi nadhani haikubaliki.

Mzee_wa_Uyole

Marahaba binti. Nimefanya kazi ya miundo na ikama miaka mingi kabla ya kustaafu, hebu niseme kidogo.

Kijana wa Sae amekusaidia nusu. Maandishi ya Lens yachukue, yatakuokoa kuchapa majina ya vyeo upya na kukosea herufi. Ila Lens inasoma maneno, mistari haioni. Na kwenye oganogramu habari ya nani anaripoti kwa nani imo kwenye mistari, haimo kwenye maneno. Ukishakopi maandishi peke yake, umeacha kile hasa unachokitafuta.

Kosa la pili ni kuchukua urefu wa kisanduku kutoka juu kama ndio ngazi ya cheo. Mchoraji huwa anasogeza visanduku kwa ajili ya nafasi ya karatasi. Maafisa ugani watatu wangepangwa kwa upana wangesukuma wengine nje ya ukurasa, kwa hiyo akawapanga kwa kushuka. Haina maana kwamba wa Mufindi anaripoti kwa wa Njombe.

Kuna namna ya kuhakikisha hilo bila kukisia. Kuza picha uangalie mstari unaingilia kisanduku wapi. Kama ni mnyororo wa bosi na mtu wake, mstari unatoka tumboni mwa kisanduku cha juu na kuingia kichwani mwa cha chini. Kama ni wenzao walio sawa wamepangwa kwa kushuka, utaona mstari mmoja wa wima umepita ubavuni mwao wote, na kila kisanduku kimeunganishwa nao kwa kijiti kifupi cha kulala kinachoingilia ubavuni. Nimefungua picha yako: kwa hawa watatu vijiti vinaingia ubavu wa kushoto. Ni ndugu watatu, baba yao mmoja, Meneja wa Mashamba.

Binti_Makambako

Ahsante sana mzee wangu. Nimekuza nimeona, kweli kuna mstari umepita pembeni. Wa pakihausi nao wako hivyohivyo. Sasa Katibu Muhtasi na huyu Afisa Ubora?

Mzee_wa_Uyole

Katibu Muhtasi ameunganishwa na shina linaloshuka kutoka kwa Meneja Mkuu, kabla shina halijafika kwenye ule mstari mrefu wa kulala. Huo ndio uchoraji wa msaidizi. Shina linampita, haliishii kwake wala halianzii kwake. Fuata kwa kidole kutoka kwa Meneja wa Mashamba kupanda: unafika kwenye mstari wa kulala, unafuata mpaka shina, unapanda shina, unampita Katibu ubavuni, unaishia kwa Meneja Mkuu. Hukuingia ndani ya kisanduku chake mahali popote. Basi Katibu ni mtu wa Meneja Mkuu, na hana aliye chini yake.

Siku zote fuata kwa kupanda, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Ukishuka utapotea, maana mkubwa ana njia nyingi za kushuka. Mdogo ana njia moja tu ya kupanda.

Afisa Ubora mfanyie vilevile, kisha utuambie umefika kwa nani.

Binti_Makambako

Nimepanda. Kuna mstari mzima mrefu unatoka kichwani mwake, unapita katikati ya Mashamba na Pakihausi bila kugusa yeyote, unafika kwenye mstari wa kulala wa mameneja. Na kuna wa nukta nukta umetoka ubavuni mwake kwenda kwa Meneja wa Pakihausi. Kwa hiyo ni wa Meneja Mkuu??

Mzee_wa_Uyole

Ndio. Anaripoti kwa Meneja Mkuu kama mameneja wenyewe, kijiti chake ndicho kirefu tu. Kamshusha chini ama kwa kukosa nafasi, ama kuonyesha kwamba daraja lake la mshahara ni dogo kuliko la meneja. Daraja ni jambo moja na kuripoti ni jambo jingine, na mfumo unakuuliza kuripoti.

Ina mantiki pia. Anayekagua ubora wa parachichi akiwa chini ya mwenye pakihausi, siku kuna oda ya haraka na matunda yana kasoro, nani atasema hapana? Ule wa nukta nukta unasema kazi zake za kila siku anazifanya pakihausi, wanashirikiana.

MamaTukuyu

Habari zenu. Mimi nilihangaika na hili halmashauri kwetu mwaka juzi. Usichore kwa mkono dada, utaumia bure. Fungua PowerPoint, andika vyeo vyako kama orodha ya vitone, aliye chini unambonyezea Tab anaingia ndani. Ukimaliza unabonyeza kulia kwenye maandishi, unachagua Convert to SmartArt, halafu Organization Chart. Inajichora yenyewe, visanduku na mistari, dakika moja.

Kinyozi_Mafinga

Mama, yeye anayo michoro tayari, anataka orodha. Wewe unampeleka Tukuyu wakati anaenda Makete.

MamaTukuyu

Aah jamani nimesoma haraka, huku mtandao unakatika na ukungu huu. Samahani binti.

Mzee_wa_Uyole

Usimcheke mama, hiyo njia yake tutaihitaji mwishoni. Nitarudi.

Kwanza orodha yenyewe. Usianze kuandika orodha moja kwa moja ukiwa unaitazama picha, jicho litaruka. Weka namba kwenye kila kisanduku, kwa kalamu kama umeiprinti, au kwa kuandika juu ya picha kwenye simu. Nimehesabu vyako ni 19. Kisha fungua Excel au Google Sheets, nguzo tatu: A namba yake, B cheo, C namba ya bosi wake. Ya tatu unaijaza kwa kupanda mstari wa kila mmoja kama ulivyofanya kwa Afisa Ubora. Bodi peke yake ndiyo inaachwa wazi.

Ukimaliza kaza macho kwenye nguzo C. Visanduku 19 lazima vitoe namba za mabosi 18 na nafasi moja tupu. Zikiwa tupu mbili, kuna mtu hukufuata mstari wake, au kuna mstari umefifia kwenye picha. Ukiona kisanduku kinakulazimisha kuandika namba mbili, mmoja wa hao mabosi ni wa nukta nukta. Huyo mpeleke nguzo nyingine ya maelezo, usimchanganye humo.

Kijana_wa_Sae

Mzee heshima yako, nimekuelewa nimejisahihisha. Kama ameshapata nguzo tatu basi kusogeza ndani kusimsumbue, Excel inafanya. Safu ya 2 ni Bodi, D2 unaandika 0. Kuanzia D3 unaweka hii halafu unaburuta chini:

```
D3:  =1+VLOOKUP(C3,A$2:D2,4,FALSE)
E3:  =REPT("    ",D3)&B3
```

D ni ngazi, E ni cheo kikiwa kimeshasogezwa. Kila mtu anamtafuta bosi wake kwenye safu zilizo juu yake tu, anachukua ngazi ya bosi anaongeza moja. Ikitokea #N/A maana yake bosi hayupo juu yake, ama namba umekosea ama umempanga kabla ya bosi.

Mimi mwenyewe ningeweka pia rangi kwa kila ngazi ila sio lazima.

Mzee_wa_Uyole

Hapo kijana umenena. Na hiyo #N/A ni mlinzi mzuri, usiifiche kwa IFERROR.

Nyongeza yangu ni mpangilio wa safu. Fomula itatoa ngazi sahihi hata ukiwapanga mameneja wote kwanza halafu wasaidizi wote baadaye, lakini orodha haitasomeka: maafisa ugani wataonekana wako chini ya Afisa Utumishi kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia juu yao. Orodha ya kusogeza ndani ina kanuni moja tu ya kusoma: bosi wako ni wa kwanza juu yako aliyesogezwa kidogo kuliko wewe. Kwa hiyo maliza tawi la Mashamba mpaka mtu wa mwisho, ndipo urudi juu kuchukua Pakihausi. Kama unavyochuma chai, unamaliza mstari ndipo unahamia mwingine.

Mhasibu_Mbozi

Nimefuatilia uzi toka mwanzo, kuna jambo hamjaligusa. Mkaguzi wa Ndani hawezi kuwekwa chini ya Meneja Mkuu. Atamkaguaje bosi wake? Mpeleke chini ya Bodi moja kwa moja, hiyo picha imekosewa.

Mzee_wa_Uyole

Mhasibu, hoja yako ina uzito ila tutenganishe kazi mbili. Binti anahamisha kilichopo kwenye picha kwenda kwenye orodha. Hajapewa kazi ya kurekebisha muundo. Akianza kumhamisha mtu kwa sababu anaona picha imekosea, orodha na picha vitakuwa nyaraka mbili zinazopingana, na mnunuzi akija kukagua ataziona zote mbili.

Halafu picha haijakosea sana unavyodhani. Mkaguzi wa ndani kwa kawaida ana mabosi wa aina mbili. Mpango wa ukaguzi, ripoti, kuajiriwa na kuondolewa kwake ni mambo ya Bodi au kamati yake ya ukaguzi. Ruhusa ya likizo, posho ya safari na kiti cha ofisini ni mambo ya Meneja Mkuu. Mchoraji katumia mstari mzima kwa hilo la pili na nukta nukta kwa la kwanza.

Mhasibu_Mbozi

Sikubali mzee wangu. Lenye uzito ndilo lipewe mstari mzima. Ungesema mstari mzima uende kwa Bodi na nukta nukta kwa Meneja ningekuelewa. Ninyi watu wa utumishi mnaangalia nani anasaini likizo, sisi tunaangalia nani anasoma ripoti.

Mzee_wa_Uyole

Na wapo wanaochora hivyo unavyosema, sikatai. Ndiyo maana kila oganogramu inatakiwa iwe na ufunguo pembeni unaosema mstari upi una maana gani. Hii ya binti haina. Binti, picha nzima umetuwekea au kipande?

Binti_Makambako

Niliyopewa ndiyo hiyo mzee. Sijakata kitu.

Mzee_wa_Uyole

Basi aliyeipiga ndiye aliyekata. Angalia ule mstari mrefu wa kulala wa mameneja. Mstari wa namna ile huanza kwenye kijiti cha mtu wa kwanza na kuishia kwenye kijiti cha mtu wa mwisho. Hauna sababu ya kuendelea. Upande wa kushoto unaishia sawasawa juu ya Meneja wa Mashamba, unakunja kona kushuka. Upande wa kulia unampita Afisa Utumishi na kwenda hadi ukingo wa picha. Haukunji kona, umekatwa.

Na Meneja Mkuu hayuko katikati. Programu zinazochora zenyewe humweka bosi katikati ya wasaidizi wake, lakini wa kwako kaelemea kulia. Ukiongeza kisanduku kimoja upande wa kulia, anakaa katikati vizuri. Nakisia kuna mmoja amebaki nje ya picha, na ufunguo wa mistari labda uko hukohuko.

Kinyozi_Mafinga

Mzee huyu angekuwa polisi tungekoma.

Binti_Makambako

Mzee!! Afisa Masoko! Hayumo kabisa kwenye picha na ofisini yupo, tena kiti chake kiko mkabala na changu. Nilimsahau kwa sababu nilikuwa naifuata picha tu.

Mzee_wa_Uyole

Usimwongeze kwa sababu unamjua, inawezekana muundo ulipitishwa kabla nafasi yake haijaanzishwa. Na inawezekana aliyekatwa ni mwingine. Mtafute aliyetuma kwenye grupu aitume tena nzima, na aitume kama dokumenti siyo kama picha. Wasapu inabana picha za kawaida, na mistari ya nukta nukta ndiyo ya kwanza kuharibika: nukta zinaungana zinaonekana mstari mzima.

Mkufunzi_Gangilonga

Habari za jioni. Nachangia kutoka upande mwingine. Mimi sioni, natumia kompyuta kwa kisoma skrini, NVDA. Picha ya binti kwangu ilisomeka "graphic" basi. Nimeelewa muundo wake kwa sababu aliusimulia kwenye posti ya kwanza, namshukuru kwa hilo.

Ila orodha ya kijana wa Sae nayo haikunisaidia. Nafasi tupu za mwanzo wa mstari NVDA haizitaji mpaka uende kwenye mipangilio uiwashe, ikitoka dukani imezimwa. Kwa hiyo nilisikia mistari saba inafuatana, kama vile wote wako sawa. Kama kuna uwezekano, weka namba mbele: 1, 1.1, 1.1.1. Namba nazisikia, na najua mara moja huyu wa 1.1.3.2 ni mtoto wa 1.1.3.

Kijana_wa_Sae

Mkufunzi nimepokea, hilo sikuwahi kuliwaza. Na kumbe inamsaidia hata yeye, maana hizo sehemu za maandishi za mtandaoni nyingi zinafuta nafasi za mwanzo, ukihifadhi unakuta vyeo vyote vimeegemea ukutani kushoto. Namba hazifutwi.

Tahadhari moja, kwenye Excel hiyo nguzo ya namba iweke kuwa Text kabla ya kuandika. La sivyo 1.10 inageuka 1.1 yenyewe na unakuwa na watu wawili wenye namba moja.

MamaTukuyu

Hilo limenikuta! Kwetu wanaoripoti kwa Mkurugenzi moja kwa moja ni wengi, idara na vitengo, wanapita kumi. Kitengo cha kumi kikawa kinaonekana kama idara ya kwanza. Nilidhani kompyuta ina virusi.

Mzee_wa_Uyole

Sasa mama, njia yako. Binti akimaliza orodha, aibandike kwenye PowerPoint, apange ngazi kwa Tab, aigeuze kuwa SmartArt kama ulivyosema. Itamchorea oganogramu kutoka kwenye orodha yake. Aiweke pembeni ya skrinshoti, alinganishe kila bosi ana watoto wangapi huku na wangapi kule. Mtu aliyeingia tawi lisilo lake anaonekana haraka kwa njia hiyo kuliko kusoma orodha mara ya pili, maana ukisoma mwenyewe unasoma ulichokusudia.

Haitachora nukta nukta, na Katibu Muhtasi itamweka mstari mmoja na mameneja. Hizo mbili usizihesabu kama makosa.

Binti_Makambako

Nimerudi wakuu. Picha nzima nimeipata. Aliyekatwa ni Afisa Masoko kweli, kijiti chake kinatoka kwenye mstari wa mameneja. Ufunguo upo pia, umeandikwa kwa herufi ndogo: mstari mzima ni "usimamizi wa kila siku", nukta nukta ni "taarifa za kitaalamu". Visanduku 20, mabosi 19, tupu moja. Nimelinganisha na SmartArt ya MamaTukuyu, imekubali.

```
1 Bodi ya Wakurugenzi
  1.1 Meneja Mkuu
    1.1.1 Katibu Muhtasi
    1.1.2 Mkaguzi wa Ndani [taarifa za kitaalamu: Bodi]
    1.1.3 Meneja wa Mashamba
      1.1.3.1 Afisa Ugani, Rungwe
      1.1.3.2 Afisa Ugani, Njombe
      1.1.3.3 Afisa Ugani, Mufindi
    1.1.4 Afisa Ubora [taarifa za kitaalamu: Meneja wa Pakihausi]
    1.1.5 Meneja wa Pakihausi
      1.1.5.1 Msimamizi wa Mapokezi
      1.1.5.2 Msimamizi wa Ufungashaji
      1.1.5.3 Fundi wa Vyumba vya Baridi
    1.1.6 Mhasibu Mkuu
      1.1.6.1 Mhasibu Msaidizi
      1.1.6.2 Afisa Manunuzi
    1.1.7 Afisa Utumishi na Utawala
      1.1.7.1 Madereva (nafasi 3)
      1.1.7.2 Mtunza Masjala
    1.1.8 Afisa Masoko
```

Madereva nimewaacha kisanduku kimoja kama kilivyo kwenye picha. Nimeona nikiwaandika mara tatu hesabu ya visanduku itavurugika.

Mkufunzi_Gangilonga

Nimeisikiliza yote, imeeleweka kuliko posti ya kwanza. Umefanya vizuri kuandika jina la bosi wa pili kwa maneno badala ya kusema "nukta nukta".

Mhasibu_Mbozi

Orodha iko vizuri ila mimi bado 1.1.2 inanikera. Msomaji wa haraka ataona namba tu, hatasoma mabano. Angekuwa 1.2.

Mzee_wa_Uyole

Ufunguo umesema usimamizi wa kila siku, na namba zinafuata mstari wa usimamizi wa kila siku. Akimpa 1.2 inabidi na Afisa Ubora amhamishie pakihausi kwa sababu hiyohiyo, na hapo utakuja tena kulalamika.

Mhasibu_Mbozi

Afisa Ubora siyo mkaguzi mzee, usinichanganyie.

Binti_Makambako

Wakubwa msigombane. Meneja Mkuu anarudi Jumatatu kutoka Mbeya, nitampelekea 1.1.2 na 1.2 zote mbili achague yeye, asaini. Swali dogo la mwisho: mfumo unauliza "mkuu wa taasisi". Niandike Bodi au Meneja Mkuu?

Kijana_wa_Sae

Bodi, ndio iko juu.

Mzee_wa_Uyole

Angalia mfumo unaomba nini baada ya hapo. Ukiomba namba ya simu na barua pepe ya huyo mkuu, wanataka Meneja Mkuu, kwa kuwa Bodi ni kikao, haina simu. Kama wanaomba chombo cha juu cha maamuzi, andika Bodi. Tuwekee maneno yenyewe ya hicho kipengele tuyaone.

Binti_Makambako

Sawa mzee, nikiingia ofisini kesho nayakopi nayaleta hapa.